Paka wanne, nyumba moja: tuhesabu mahali, si sahani

Juma hili tunaongea juu ya paka. Katika vikundi vyetu vya Kampene nyumba nyingi zina paka mmoja, lakini nyingine zina watatu, wanne, hata watano, na kila mama anajua sababu. Mpunga umevunwa, karanga ziko ndani ya gunia, mihogo mikavu iko juu ya dari, na panya wanajua njia ya kufika huko kote. Basi mtu anafuga paka, paka anazaa, mtoto mmoja anabaki, shangazi analeta mwingine, na siku moja unakuta nyumba imejaa.

Hapo ndipo lawama zinaanza. Wamama wanatuambia: paka wanapigana usiku, mmoja anakonda, mwingine anaiba ndani ya sufuria, na mbaya kuliko yote, kuna mkojo juu ya mkeka wa watoto au kando ya gunia la mchele. Mkojo wa paka ukiingia ndani ya gunia, mchele huo hauliki wala hauuziki. Baba anakasirika, na paka anayedhaniwa kuwa na kosa anatiwa ndani ya kifuko na kutupwa mbali. Mara nyingi si yeye aliyekosa, na baada ya majuma mawili mkojo unaonekana tena.

Jambo tunalotaka kulieleza leo ni moja. Paka wa nyumba moja wanagombana na kuchafua kwa sababu chakula chote kiko mahali pamoja, mchanga wa choo uko mahali pamoja, na pa kulala pazuri ni pamoja. Paka mmoja akikaa hapo, wengine wote wamefungiwa njia. Hakuna ubaya wa roho katika jambo hili. Dawa yake ni kutawanya vitu hivyo, kisha kuhesabu mahali vilipo. Sahani tano zilizopangwa mstari mmoja, kwa paka, ni mahali pamoja tu.

Kwa nini paka si kama kuku

Kuku wanakula pamoja, mbwa wanatembea kundi, mbuzi akiachwa peke yake analia. Paka ametoka katika ukoo mwingine. Babu yake ni paka-mwitu wa Afrika na wa nchi za Mashariki ya Kati, na mnyama huyo anaishi peke yake, anawinda peke yake, na anakula peke yake, kwa sababu panya mmoja hawezi kugawanywa kwa watu wawili. Mwili wa paka wetu bado uko hivyo. Anaweza kupatana na wenzake, hasa mama na mabinti zake na ndugu waliokua pamoja tangu wadogo, lakini hajui namna ya kuomba radhi baada ya ugomvi. Njia yake ya kumaliza neno ni kuondoka. Nyumba ikikosa mahali pa kuondokea, ugomvi hauishi.

Waliofika Lamu, kwenye pwani ya Kenya, wameona paka wengi wakizunguka mahali wavuvi wanaposhusha samaki. Mtu anaweza kusema: tazama, paka wanapendana. Wanakusanyika kwa sababu chakula kimewakusanya. Ukiwaangalia wakati wa kula, kila mmoja anachukua kichwa chake cha samaki na kukimbia nacho pembeni. Wana uwanja mpana wa kukimbilia. Ndani ya nyumba ya vyumba vitatu uwanja huo haupo, kwa hiyo ni sisi wa kuutengeneza.

Mwaka 2013 waganga wa paka wa Amerika na wenzao wa shirika la kimataifa walitoa mwongozo mmoja juu ya mahitaji ya paka nyumbani. Katika mambo matano waliyoyataja, mawili ndiyo haya yetu: paka awe na mahali salama pa kujificha, na vitu vyake vya lazima viwe vingi na viwe mbalimbali. Waliandika kwa ajili ya nyumba za huko kwao, lakini paka wa Kampene ni paka yule yule. Vifaa tu ndivyo vinabadilika.

Nyumba ya mama mwenzetu

Tuchukue nyumba moja tuliyoifuatilia pamoja na mama wa kikundi chetu. Nyumba ina barza mbele, saluni katikati, vyumba viwili vya kulala, depo ndogo ya mchele na karanga, na jiko la nje nyuma. Paka ni wanne. Kuna mama paka mzee wa mabaka. Kuna binti yake mweupe mwenye kichwa cheusi. Kuna dume kubwa la rangi ya machungwa. Na kuna jike mdogo mweusi aliyeletwa toka Kalima mwishoni mwa kiangazi.

Mvua ziliporudi mwezi wa tisa, mkojo ulianza kuonekana ndani ya depo, kisha juu ya mkeka wa watoto. Wote walisema ni dume. Ana sauti kubwa, ndiye anayepiga wengine, basi ndiye mchafu. Mama alikuwa tayari kumpeleka kwa ndugu yake kijijini.

Kabla ya hapo tulimwomba afanye kazi ya siku tatu. Achukue karatasi moja ya daftari, aipige mistari, na aandike mambo manne kila siku: nani anakula wa kwanza na nani wa mwisho, nani anaondoka mwingine akiingia, kila mmoja analala wapi mchana, na mkojo umeonekana wapi, ukiwa na umbo gani. Watoto wakubwa walimsaidia, na waliifanya vizuri kuliko sisi wakubwa.

Karatasi ilionyesha hivi. Chakula kilimwagwa katika sahani moja kubwa ya bati mlangoni pa jiko. Dume alikula kwanza, kisha mama na binti pamoja. Yule mweusi alikaa juu ya ukuta akingoja, na alipofika sahani ilikuwa tupu. Choo chao wote kilikuwa udongo laini nyuma ya jiko, na ili kufika huko ni lazima kupita mlangoni pa jiko, ambapo dume alilala mchana kutwa kwa sababu ya joto la moto. Hakuwahi kumpiga mweusi njiani. Alimtazama tu, bila kupepesa, na mweusi alirudi nyuma. Mvua iliponyesha, udongo ule ukawa matope, na hapo hata binti mweupe akaanza kutafuta mahali pakavu.

Kuhusu umbo la mkojo, hapa wamama tuwe makini, maana jibu lote liko hapo. Paka anayepiga alama husimama, mkia juu ukitetemeka, na kurusha mkojo kidogo kwenye kitu kilichosimama: ukuta, mguu wa meza, fremu ya mlango. Hiyo ni barua kwa paka wengine, na madume ndiyo wanaoandika sana. Paka anayetafuta choo huchuchumaa na kuacha dimbwi chini, mahali palipo sawa, na mara nyingi hukwaruza pembeni kana kwamba anafukia. Ndani ya depo lilikuwa dimbwi chini, na gunia lilikuwa na alama za kucha. Huyo hakuwa anaandika barua. Alikuwa anatafuta choo.

Ili kuwa na hakika, usiku wa nne mweusi alilala katika chumba cha pili peke yake, akiwa na maji, chakula na beseni la mchanga. Depo iliamka kavu, na beseni lilikuwa limetumiwa. Usiku wa tano ikawa hivyo hivyo. Dume aliyekuwa akingoja safari ya kijijini hakuwa na hatia ya depo.

Chakula: kila mmoja na pake

Tulianza na sahani. Ile kubwa iliondolewa, na mahali pakawa manne. Dume alibaki mlangoni pa jiko, alipozoea. Mama na binti walipata vikopo viwili kwenye barza, kimoja kila upande. Mweusi alipewa chake juu ya dirisha la chumba cha pili, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuzoea kukaa juu. Kanuni ni hii: paka anayekula asimwone mwingine anayekula, au kama nafasi ni ndogo, wawe mbali kwa hatua nne au tano, na kila mmoja awe na ukuta mgongoni na njia ya kuondokea mbele. Mama na binti wanaolala wakigusana wanaweza kuvumilia kukaribiana. Wasiopatana hawawezi.

Kopo la tomati lililokatwa halifai, kwa sababu lina makali, na pia ni jembamba na linakunja sharubu zake. Kisosi au kifuniko kipana cha sufuria ndogo kinafaa zaidi. Maji yawe mbali na chakula, na yawe mahali pawili.

Tumbo la paka ni dogo. Kwa asili anakula panya mmoja sasa, mwingine baadaye, mara nyingi kwa siku. Kwa hiyo chakula kile kile tunachotoa mara moja, tukigawanye mara mbili au tatu. Bugali peke yake au wali peke yake hautoshi, hata kama sahani imejaa, kwa maana mwili wa paka unahitaji kitu cha nyama ambacho mmea hauna. Wachache wa ndagala walioloweshwa kutoa chumvi, vichwa vya samaki vilivyochemshwa, matumbo ya kuku yaliyopikwa, vikichanganywa na bugali kidogo, ni chakula chema. Mchuzi wenye vitunguu tusiwape, maana vitunguu vinaharibu damu yao, na vitunguu saumu pia.

Hapa wamama wengi hututazama kwa mashaka na kusema: paka akishiba hataki tena panya. Sivyo. Kuwinda kwa paka hakutoki tumboni peke yake. Panya akipita mbele ya paka aliyeshiba, paka ataruka. Njaa inaongeza jambo lingine: inamfanya aibe ndani ya sufuria, agombane kwenye sahani, na aende mbali na nyumba yako kutafuta. Na mwenye njaa ndiye wa kwanza kula panya aliyekufa kwa sumu, kisha naye anakufa. Kama mna paka, sumu ya panya isiwekwe nyumbani.

Choo: mchanga mkavu ndio neno

Kanuni ya waganga wa paka ni choo kimoja kwa kila paka na kimoja zaidi. Paka wanne, vyoo vitano. Tukisema hivyo kwenye mkutano, wamama wanacheka, na wana haki ya kucheka, kwa maana nani ana mabeseni matano ya kupoteza? Lakini paka wetu wanatoka nje, na choo cha nje nacho kinahesabiwa. Kilicho cha lazima ni kwamba vyote visiwe upande mmoja, na kwamba kila kimoja kibaki kikavu wakati wa mvua.

Nyumba hii ilipata vitano hivi. Vitatu vilikuwa vya nje, chini ya upenu wa mabati: kimoja nyuma ya jiko, kimoja upande wa barza, na kimoja ukuta wa vyumba vya kulala. Seremala alitoa vipande vya mbao, watoto wakapigilia fremu ya mraba, kila upande wa urefu wa mkono mzima wa mtu mkubwa, kina cha kiganja, bila chini. Ndani yake mchanga wa mtoni uliokaushwa juani, ukichanganywa nusu kwa nusu na makapi ya mpunga. Makapi yananyonya maji, mchanga unaleta uzito wa kufukia. Vidole vitatu vya kina vinatosha.

Viwili vya ndani vilikuwa kwa ajili ya usiku na mvua: beseni kuukuu lenye ufa katika chumba cha pili, na lingine pembeni ya saluni. Hayakuwekwa depo, kwa maana choo na chakula cha watu havikai pamoja. Wengine hukata bidoni la lita ishirini kwa urefu. Linafaa kwa watoto wa paka. Paka mkubwa anahitaji mahali pa kugeuka, na bidoni ni fupi: atasimama ndani, lakini mkojo utaanguka nje, na utamlaumu bure. Pima hivi: urefu wa paka toka pua hadi mwanzo wa mkia, kisha ongeza nusu yake.

Mambo matatu yanaharibu choo kizuri. La kwanza ni kuku. Wakiona mchanga mkavu wanaukwaruza wote nje, na paka hawatautumia. Matawi machache ya miiba upande wa wazi, yenye nafasi ya paka kupita, yalitosha. La pili ni majivu. Wengi wetu tunayatumia kwa sababu yanaondoa harufu, lakini majivu yaliyolowa yanachoma ngozi, na paka hulamba miguu yake. Tumwage majivu ndani ya shimo la taka, si ndani ya beseni. La tatu ni kukawia kusafisha. Choo kilichojaa, kwa paka, ni choo kilichofungwa. Kitolewe uchafu kila siku kwa kijiko cha mbao au kipande cha bati, na mchanga wote ubadilishwe kila juma.

Kazi hiyo ya kila siku ina sababu nyingine, na hii inawahusu wamama moja kwa moja. Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na kidudu cha ugonjwa uitwao toksoplasmosi, ambao kwa mtu mzima mwenye nguvu mara nyingi hauonekani, lakini mimba inaweza kuuawa nao, au mtoto kuharibika macho na ubongo. Kidudu hicho kikitoka hakiambukizi mara ile. Kinahitaji siku moja hadi tano kukomaa. Kwa hiyo kinyesi kinachotolewa kila siku na kuzikwa ndani ya shimo kina hatari ndogo kuliko kile cha juzi. Mama mwenye mimba asifanye kazi hii, kijana au baba aifanye, na kila mtu anawe kwa sabuni baadaye. Mama huyo avae pia kitu mkononi anapolima, kwa sababu paka wanajisaidia shambani pia, na nyama aipike mpaka iive kabisa. Hakuna haja ya kufukuza paka kwa ajili ya mimba.

Mahali palipokwisha kukojolewa paoshwe kwa maji mengi na sabuni, kisha mkeka uanikwe juani. Tusimwage javeli juu ya mkojo. Vikichanganyika vinatoa hewa kali inayochoma kifua, hasa ndani ya depo isiyo na dirisha, na harufu haiondoki kwa pua ya paka, kwa hiyo atarudi.

Pa kulala: juu, pembeni, na milango miwili

Paka hulala saa nyingi kuliko anazotembea, na wakati huo ndio anaogopa. Kwa hiyo pa kulala pawe pengi kuliko paka wenyewe, kwa kimo mbalimbali. Aliye juu anaona wote na haguswi, basi hana haja ya kupiga.

Tulitia mbao mbili ukutani katika saluni, moja ikifika kifuani mwa mtu, nyingine chini yake kidogo, si juu ya mstari mmoja. Upana wake ni shubiri moja na nusu, ili paka alale bila mguu kuning'inia. Kartoni mbili za sokoni zililazwa ubavu, moja chini ya kitanda cha watoto, nyingine barazani, kila moja ikiwa na tundu la pili nyuma. Tundu hilo la pili si pambo. Kartoni yenye mlango mmoja ni mtego: mwenzake akikaa mlangoni, aliye ndani hana pa kutokea, na siku ya pili hataingia tena. Kifuko kuukuu na kitambaa ndani vinatosha kuwa godoro. Chandarua chenye dawa, hata kilichochakaa, kisikatwe kuwa kitanda cha paka, maana dawa nyingine za mbu ni sumu kwao, na wao hulamba manyoya yao. Na kitanda cha mtoto mchanga si mahali pa paka hata mmoja.

Neno la mwisho la nyumba hii lilikuwa njia. Kwa kuwa dume hakuacha mlango wa jiko, tulimwachia. Dirisha la chumba cha pili liliachwa wazi kiasi cha kiganja mchana, na gogo likasimamishwa nje chini yake. Mweusi akapata njia ya kufika choo cha upande ule bila kupita mbele ya yule mkubwa. Kwa jicho letu ni jambo dogo, lakini tukitazama karatasi ya baadaye, hilo ndilo lililobadilisha mengi.

Yaliyobadilika na yasiyobadilika

Juma la kwanza mkojo ulionekana mara mbili. Juma la pili mara moja, siku mchanga wa ndani ulipoachwa bila kusafishwa. Juma la tatu depo ilikaa kavu. Mweusi aliongezeka mwili, na sahani yake hakuna aliyemnyang'anya. Paka hawakuwa marafiki, na hatukutazamia hivyo. Dume na mweusi bado hawalali chumba kimoja. Wanapishana tu, na kupishana ndiyo amani ya paka.

Kuna lililobaki. Dume bado anarusha mkojo kwenye fremu ya mlango wa mbele, hasa usiku dume la jirani likipita. Hiyo ni barua ile tuliyoitaja, na mchanga hauwezi kuizuia. Inapungua sana dume akihasiwa na mganga wa mifugo, na yanapungua pia mapigano ya usiku. Majike nayo yanazaa mapema: jike wa miezi mitano anaweza kushika mimba, na baada ya siku sitini na kitu anazaa. Nyumba iliyotulia kwa paka wanne itavurugika tena kwa paka tisa, hata ukiweka mabeseni kumi. Basi hesabu watoto mapema, na uwape wenye kuwahitaji wakifika majuma manane au zaidi, kabla hawajawa wakubwa wa kugombana.

Tena, si kila mkojo ni ugomvi. Paka aliyekuwa safi, ghafla anachuchumaa mara nyingi, anatoa tone au hatoi kitu, analia na kujilamba huko nyuma, huyo ni mgonjwa. Akiwa dume na mkojo umezibika kabisa, anaweza kufa kwa siku mbili au tatu. Asingojewe, apelekwe kwa mganga wa mifugo siku ile ile. Na paka yeyote aliyebadilika tabia ghafla, anauma bila sababu na kutoka mate, asishikwe. Aliyeumwa aoshe kidonda kwa maji na sabuni dakika kumi na tano, kisha aende hospitali mara moja kwa sababu ya kichaa cha mbwa, ambacho paka nao wanacho.

Kwa vikundi, kazi ya juma hili ni karatasi ile ya siku tatu. Mwenye paka zaidi ya mmoja aandike: nani anakula mwisho, nani anafungiwa njia, pa kulala ni pangapi, na mkojo una umbo gani. Kisha achore nyumba yake, atie alama kwa kila mahali pa chakula, mchanga na kulala. Alama zikiwa zimerundikana kona moja, amekwisha kujua aanzie wapi. Tuzilete karatasi hizo kwenye mkutano, tuzitazame pamoja. Juma lijalo tutaongea juu ya kukausha mihogo wakati wa mvua, bila kuiacha iote ukungu.